Posho ya asilimia 12 imeongeza jumla kwa asilimia 7 tu: nani amekosea hesabu?

Ndugu Mshauri,

Mwajiri wetu alitoa waraka kwamba wafanyakazi wote tutalipwa posho ya gharama za maisha ya asilimia 12 kuanzia mwezi uliopita. Kabla ya hapo hati yangu ya mshahara ilikuwa hivi: mshahara wa msingi 540,000, posho ya nyumba 180,000 (ambayo kwa mkataba wetu ni theluthi ya mshahara wa msingi), posho ya usafiri 90,000 na posho ya mazingira magumu 90,000. Jumla kabla ya makato ilikuwa 900,000, kwa hiyo nilitarajia nyongeza ya 108,000. Mwisho wa mwezi nikakuta mstari mpya wa 64,800 na jumla ya 964,800. Nimegawa 64,800 kwa 964,800 nikapata asilimia 6.7, yaani zaidi kidogo ya nusu ya tulichoahidiwa.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mwenzangu wa idara nyingine, ambaye jumla yake ilikuwa 900,000 kama yangu, amepata 91,800. Ofisi ya utumishi inanijibu tu kwamba asilimia inakokotolewa kwenye msingi. Wenzangu wamenichagua niwasemee katika kikao kijacho na uongozi. Je, tumepunjwa, au ni mimi nisiyejua hesabu?

*Msemaji wa wenzake*

Ndugu Msemaji,

Aliyeandaa hati yako hakukosea kuzidisha, kwa sababu asilimia 12 ya 540,000 ni 64,800 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Kama mmepunjwa au la, hilo linategemea maneno ya waraka wenyewe, na ndiyo maana jambo la kwanza ninalokushauri ni kuutafuta na kuusoma kwa macho yako badala ya kutegemea ulivyosimuliwa kazini. Ikiwa umeandikwa "posho ya asilimia 12 ya mshahara wa msingi", ahadi imetimizwa hadi senti ya mwisho. Ikiwa umeandikwa "mishahara itaongezwa kwa asilimia 12" na kuishia hapo, mna hoja, kwa kuwa neno mshahara likiachwa wazi namna hiyo linaweza kusomwa kuwa ni jumla yote. Waraka uliosema "posho ya asilimia 12" bila kutaja ni asilimia 12 ya kitu gani una kasoro, kwani asilimia isiyotajiwa msingi wake haina kiasi, na mwajiri anapaswa kuukamilisha kwa maandishi.

Kabla hatujaenda mbali, turekebishe hiyo 6.7 yako, maana ukiingia nayo kikaoni mhasibu ataanza kukusahihisha hapo hapo na hoja zako nyingine zitapoteza uzito. Ukitaka kujua kitu kimeongezeka kwa asilimia ngapi, unagawa nyongeza kwa kiasi kilichokuwapo kabla ya nyongeza. Wewe umegawa kwa jumla mpya ambayo tayari nyongeza imo ndani yake, ukapata jibu la swali jingine kabisa, yaani posho hii ni sehemu gani ya mapato yako ya sasa. Gawa 64,800 kwa 900,000 na utapata asilimia 7.2. Hiyo ndiyo nyongeza halisi ya jumla yako.

Sasa, 7.2 imetoka wapi wakati waraka unasema 12? Itazame hati yako ya zamani kama fungu la fedha lenye vipande vinne. Kipande cha msingi ni 540,000 kati ya 900,000, yaani asilimia 60 ya fungu zima. Vipande vitatu vilivyobaki, nyumba, usafiri na mazingira magumu, kwa pamoja ni 360,000, yaani asilimia 40. Asilimia 12 imekigusa kipande cha kwanza peke yake, na vile vitatu vikabaki kama vilivyokuwa. Kwa hiyo nyongeza kwenye jumla ni asilimia 12 ya ile asilimia 60, nayo ni 7.2. Kanuni hii inafanya kazi kwa kila mtu na kwa kila kiwango cha posho: chukua asilimia iliyotangazwa, izidishe kwa sehemu ambayo msingi unachukua katika jumla, na utajua jumla itapanda kwa asilimia ngapi hata kabla hati ya mwezi haijatoka. Jumla inaweza kupanda kwa asilimia 12 kamili kwa mfanyakazi mmoja tu, yule ambaye hana posho nyingine yoyote na mshahara wake wote ni msingi.

Kwa kanuni hiyo hiyo tunaweza kumsoma mwenzako wa idara nyingine bila hata kuiona hati yake. Amepata 91,800, na kama kiwango ni kile kile cha asilimia 12, basi tunagawa 91,800 kwa 0.12 na kupata mshahara wa msingi wa 765,000. Katika jumla yake ya 900,000 msingi ni asilimia 85 na posho ni 135,000 tu, na ndiyo maana jumla yake imepanda kwa asilimia 10.2 wakati yako imepanda kwa 7.2. Tazama pia kwamba yeye hawezi kuwa na mkataba wa aina yako. Kama angelipwa nyumba kwa theluthi ya msingi, posho hiyo peke yake ingekuwa 255,000 na jumla yake ingekuwa imevuka milioni moja. Pengine anakaa katika nyumba ya mwajiri, au posho zake nyingi zilikwisha kuingizwa katika msingi siku alipoajiriwa. Kwa hiyo usimtaje kikaoni kana kwamba amependelewa. Wawili nyinyi mlikuwa na jumla moja, lakini mlikuwa mmeifikia kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo haikuonekana mpaka ilipokuja nyongeza inayogusa njia moja tu.

Waajiri huegemea msingi kwa sababu zinazoeleweka. Mshahara wa msingi umo katika mkataba na katika ngazi za mishahara, unafahamika kwa kila cheo, na haubadilikibadiliki mtu anapohamishwa kituo au anapopewa jukumu la muda. Posho nyingine kila moja ina sababu yake, na sababu ikiondoka nayo huondoka. Isitoshe, wanajua vizuri kwamba asilimia kubwa kwenye kipande kidogo hugharimu fedha kidogo huku ikisikika vizuri masikioni, na nimekaa katika ofisi za mishahara miaka ya kutosha kujua kwamba sababu hii ya mwisho haiandikwi kwenye muhtasari wa kikao lakini haikosi kuwapo mezani. Hata hivyo si udanganyifu, mradi waraka umesema wazi.

Mahali ambapo mna hoja nzito, na ambapo ningekushauri uweke nguvu zako zote, ni kwenye posho ya nyumba. Wewe mwenyewe umeitaja ndani ya mabano kana kwamba ni jambo dogo, kumbe ndiyo yenye uzito kuliko yote. Posho yenu ya nyumba ni theluthi ya mshahara wa msingi, yaani imefungwa kwa kamba kwenye msingi, na msingi ukipanda nayo inapanda. Lakini posho ya gharama za maisha imewekwa katika mstari wake wa peke yake, kwa hiyo msingi umebaki 540,000, na theluthi yake imebaki 180,000. Kama mwajiri angeiingiza ile 64,800 ndani ya msingi, hati yako ingesomeka hivi: msingi 604,800, nyumba 201,600, usafiri 90,000, mazingira magumu 90,000, na jumla 986,400. Nyongeza ingekuwa 86,400 badala ya 64,800, na jumla ingepanda kwa asilimia 9.6. Asilimia iliyotangazwa ni ile ile 12, mfanyakazi ni yule yule, lakini kwa sababu tu ya mahali ambapo fedha imeandikwa kuna tofauti ya 21,600 kila mwezi.

Tofauti hiyo haiishii kwenye nyumba. Kila kinachokokotolewa kutoka kwenye msingi kinafuata njia hiyo. Chukua malipo ya saa za ziada. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kwenu mshahara wa msingi wa mwezi hugawanywa kwa saa 180 ili kupata thamani ya saa moja, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa msingi wa 540,000, saa moja ni 3,000 na saa ya ziada ni 4,500. Kwa msingi wa 604,800, saa moja ni 3,360 na saa ya ziada ni 5,040. Leo, pamoja na posho yenu mpya, mtu anayebaki kazini usiku bado analipwa kwa bei ya saa ya mwaka jana. Ndivyo ilivyo pia kwa kiinua mgongo, kwa malipo ya likizo isiyochukuliwa na kwa michango ya pensheni, pale ambapo kanuni zenu zinasema vinakokotolewa kwenye mshahara wa msingi. Posho iliyosimama nje ya msingi inaonekana kila mwezi kwenye hati, lakini siku ya kustaafu inaweza isihesabiwe kabisa, na wengi hugundua hivyo wakiwa wamekwisha kukabidhi funguo za ofisi. Hapa lakini usome kanuni za mfuko wenu kwanza, kwani baadhi ya kanuni huihesabu posho ya gharama za maisha pamoja na msingi katika mchango wa pensheni hata kama imeandikwa mstari wake.

Mwajiri akikuambia kwamba kuiingiza posho ndani ya msingi kutamgharimu zaidi, anasema kweli. Kwa hati yako peke yake ni 21,600 kwa mwezi kabla hajalipa upande wake wa mchango wa pensheni na kabla ya saa za ziada. Ni vizuri uijue gharama hiyo kabla hajakutajia, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo yenyewe yatakapoanzia. Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi walikubaliana kwamba posho ibaki mstari wake kwa mwaka mmoja, kisha iingizwe katika msingi mwanzoni mwa mwaka wa pili, na wote walitoka chumbani wakiwa wamechoka lakini wameridhika.

Jambo jingine ambalo sijaona ukiliuliza, na ambalo litawafikia mwakani kama hamjaliweka sawa sasa, ni namna ya kusoma kiwango kipya. Tuseme mwaka ujao waraka utasema posho ya gharama za maisha sasa ni asilimia 15. Mtu asiyejua atapiga asilimia 15 juu ya alichonacho na kungoja furaha. Lakini asilimia 15 ya msingi wa 540,000 ni 81,000, nayo inachukua nafasi ya ile 64,800. Haiwekwi juu yake. Mfukoni kunaongezeka 16,200, na ukigawa kwa jumla ya 964,800 utaona jumla imepanda kwa asilimia 1.7 hivi. Tangazo linasema 15, hati inasema chini ya 2, na hakuna aliyekosea. Mambo ni tofauti kabisa ikiwa asilimia 15 hiyo ni posho mpya inayojumlishwa na ya zamani, maana hapo mngekuwa na asilimia 27 ya msingi kwa pamoja. Kwa hiyo neno moja, ama "kutoka asilimia 12 hadi 15" ama "nyongeza ya asilimia 15", linabeba 64,800 nzima kila mwezi. Dai neno hilo liandikwe mapema, wakati bado hakuna anayegombana.

Sasa turudi kwenye kilichokufanya uandike, yaani ile hisia kwamba mmepewa chini ya kinachohitajika. Hisia hiyo ina hesabu yake, na ni hesabu nzuri kuipeleka kikaoni kwa sababu haimtuhumu mtu. Tuseme waraka ulichagua asilimia 12 kwa kuwa bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 12. Ili jumla yako ya 900,000 inunue vitu vile vile ilivyokuwa ikinunua, ingepaswa kufika 1,008,000. Umefika 964,800. Pengo ni 43,200. Pengo hili si fumbo: ni asilimia 12 ya zile posho tatu ambazo hazikuguswa, na linagawanyika vizuri kabisa, 21,600 kwenye nyumba, 10,800 kwenye usafiri na 10,800 kwenye mazingira magumu. Utaona kwamba sehemu ya nyumba ni ile ile 21,600 niliyoitaja hapo juu, yaani kuingiza posho ndani ya msingi kungeziba nusu ya pengo lote bila kubadilisha kanuni hata moja ya mkataba wenu, kwa sababu theluthi ya nyumba tayari imo mkatabani.

Inabaki nusu ya pili. Usafiri ungeupigania. Posho hiyo ilitolewa ili kulipia nauli, na nauli ni kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa karatasi: bei ya safari moja siku posho ilipopangwa, bei ya safari hiyo hiyo leo, mara idadi ya siku za kazi. Ukifika na hesabu hiyo ya njia mbili au tatu ambazo wafanyakazi wengi huzitumia, utakuwa na hoja isiyohitaji kupaza sauti. Kuhusu mazingira magumu mimi ni mgumu zaidi kushawishika. Posho hiyo inafidia ugumu wa kazi, na ugumu wa kazi haupandi kwa sababu bei sokoni zimepanda, ingawa ni kweli kwamba fidia inayobaki tarakimu moja mwaka hadi mwaka hupungua thamani yake. Ningeiacha kwa kikao kingine kuliko kuichanganya na hoja mbili zilizo imara.

Kuhusu makato nitasema kidogo tu, kwa kuwa hujauliza, lakini wenzako watauliza. Nyongeza ya 64,800 ni ya jumla kabla ya makato, na kodi ya mapato inayopanda kwa ngazi huikata nyongeza kwa kiwango cha ngazi ya juu ambayo mtu ameifikia. Kama ngazi hiyo kwako ni asilimia 20, mkononi utaona 51,840. Mchango wa pensheni utapanda au hautapanda kulingana na kama posho imehesabiwa ndani yake, na ukiona haukupanda usifurahi haraka, maana ni dalili kwamba posho haihesabiwi kwenye pensheni yako.

Kabla ya kikao, kusanya hati za wenzako kumi au ishirini wanaokubali kukuonyesha, kisha fanya jaribio moja dogo kwa kila hati. Gawa posho ya gharama za maisha kwa mshahara wa msingi. Kila jibu linapaswa kuwa 0.12. Kama unazipanga katika jedwali la kompyuta, weka msingi katika safu ya B, posho nyingine tatu katika C hadi E, na posho mpya katika F. Fomula ya jaribio kwa mfanyakazi wa kwanza ni hii, na ya pili inakupa asilimia ambayo jumla yake imepanda:

```
=F2/B2
=F2/SUM(B2:E2)
```

Angalia kwamba katika fomula ya pili safu ya F haimo ndani ya mabano, kwa sababu ile ile iliyokufanya upate 6.7. Majibu ya fomula ya kwanza yasipokuwa 0.12, yana lugha yake. Ukipata 0.20 kwa mtu mwenye mgawanyo kama wako, maana yake karani amepiga asilimia 12 kwenye jumla ya 900,000 badala ya msingi, akampa 108,000. Usishangilie ukilipata kosa hilo. Niliwahi kuliona katika ofisi moja: fomula ilisogezwa safu moja bila mtu kugundua, wafanyakazi wa kitengo kizima wakalipwa zaidi kwa miezi mitatu, kisha wakakatwa tofauti yote katika miezi miwili, na waliokuwa wamekwisha kukopa kwa kutegemea fedha ile ndio walioumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ilipotea huku daftari likiwa wazi mezani.

Jibu likiwa chini ya 0.12, angalia kama mtu huyo alianza kulipwa posho katikati ya mwezi, au kama alikuwa na siku za likizo bila malipo. Katika hali ya likizo bila malipo, baadhi ya ofisi hupunguza msingi kwanza na kukokotoa posho kwenye msingi uliopunguzwa. Mfanyakazi kama wewe aliyekosa siku 3 kati ya 30 angelipwa msingi wa 486,000 na posho ya 58,320, na ukigawa kwa 540,000 utapata 0.108, ukidhani kuna kosa. Gawa kwa msingi ule uliochapishwa kwenye hati ya mwezi huo, na 0.12 itarudi. Kinachobaki baada ya kuondoa hali hizo mbili ndicho cha kuulizwa ofisi ya utumishi, jina kwa jina na mwezi kwa mwezi, na malimbikizo yadaiwe kwa barua.

Kikaoni, ningeanza na swali la nyumba na kuliuliza kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: "Kwa kuwa mkataba unasema posho ya nyumba ni theluthi ya mshahara wa msingi, je, posho ya gharama za maisha itaingizwa katika mshahara wa msingi, na kama ndiyo, kuanzia mwezi gani?" Swali hilo lina majibu mawili tu, na yote mawili yanaweza kuandikwa kwenye muhtasari. Likishajibiwa ndipo ulete nauli, na baada ya nauli ulete lile neno la mwakani la "kutoka" na "hadi". Ile hati ya mwenzako wa idara nyingine iache ndani ya mkoba.

*Mshauri*